Wiki ya 32 ni lini?

Mnunuzi wa maua aliyeko Uholanzi hana mazoea ya kusema "nitumie mzigo mwanzoni mwa Agosti." Anaandika "wiki ya 32" na kuendelea na mambo mengine, kwa kuwa kwao hilo linatosha. Fundi wa Ujerumani atakuahidi vipuri kwa "KW 32". Nchini Denmark, mtoto wa shule anajua kuwa likizo yake ya msimu wa majani kupukutika ni wiki ya 42, na mzazi wake hasubiri kutajiwa tarehe. Kalenda zao zina safu nyembamba pembeni yenye namba kuanzia 1 hadi 52, na mara mojamoja 53.

Kalenda nyingi za ukutani huku kwetu hazina safu hiyo. Lakini namba zenyewe zinafika: kwenye mashamba ya waridi ya Naivasha yanayouza Ulaya, kwenye oda za mashine, na kwenye simu za ndugu walioko Stockholm wanaosema watakuja "wiki ya 28." Anayezipokea anabaki kukisia. Thelathini na mbili gawanya kwa nne ni nane, kwa hiyo ni mwisho wa mwezi wa nane? Sivyo. Mwezi una wiki nne na siku mbili tatu za ziada, na siku hizo zikijumlishwa kwa miezi saba zinafika wiki mbili na zaidi. Wiki ya 32 huangukia mwanzoni mwa Agosti.

Namba hizi zinafuata kiwango nambari 8601 cha Shirika la Kimataifa la Viwango, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Kanuni zake ni chache. Wiki inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, na haikatwi hata ikivuka mwaka. Wiki inayokanyaga miaka miwili inahesabiwa ya mwaka ule wenye siku zake nyingi, yaani nne au zaidi. Alhamisi ndiyo siku ya katikati ya wiki hiyo, kwa hiyo mwaka wa Alhamisi ndio mwaka wa wiki nzima. Kutokana na hapo, wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari, na wiki hiyo lazima iwe na tarehe 4 Januari ndani yake. Hiyo tarehe 4 ndiyo ya kukumbuka. Mengine yote unaweza kuyapata kutoka hapo.

Tuitafute wiki ya 32 ya mwaka 2026, ambayo kwa kirefu huandikwa 2026-W32. Tarehe 4 Januari 2026 ni Jumapili. Rudi nyuma hadi Jumatatu ya wiki hiyo, unapata 29 Desemba 2025. Naam, wiki ya kwanza ya 2026 inaanzia mwaka 2025, wala hakuna kosa. Kutoka wiki ya 1 hadi ya 32 kuna hatua 31 za siku saba, jumla siku 217. Siku tatu za mwanzo zinakufikisha Januari mosi, zinabaki 214, na ukiziongeza kwenye siku ya kwanza ya mwaka unafika siku ya 215. Miezi saba ya kwanza ya mwaka wa kawaida ina siku 212. Zinabaki tatu: Jumatatu, 3 Agosti. Wiki ya 32 ya 2026 ni kuanzia tarehe 3 hadi 9 Agosti.

Ukiona namba ya ziada mwishoni, kama 2026-W32-6, hiyo ni siku. Jumatatu ni 1, Jumapili ni 7, kwa hiyo 6 ni Jumamosi, tarehe 8 Agosti. Kwa Watanzania hiyo ni Nane Nane. Sikukuu hiyo iliangukia wiki ya 32 mwaka 2024 na 2025 pia, na mtu anaweza kudhani kuwa ni desturi. Mwaka 2027 inahama. Wiki ya 32 inaanza Jumatatu tarehe 9 Agosti, na Nane Nane inabaki nyuma, Jumapili ya wiki ya 31.

Kilichoisukuma ni mwaka 2026 wenyewe, kwa sababu una wiki 53.

Mwaka wa kawaida una wiki 52 na siku moja, na mwaka mrefu una siku mbili za ziada. Siku hizo zinalimbikizana, na kila baada ya miaka mitano au sita, mara chache saba, zinatimia wiki nzima. Ilikuwa hivyo mwaka 2020, ni hivyo 2026, na itakuwa hivyo 2032. Alama yake ni mwaka unaoanza Alhamisi, au mwaka mrefu unaoanza Jumatano. Kama hutaki kukariri hilo, tazama tarehe 28 Desemba. Tarehe hiyo daima iko katika wiki ya mwisho ya mwaka, kwa hiyo namba ya wiki yake ndiyo idadi ya wiki za mwaka mzima. Tarehe 28 Desemba 2026 ni Jumatatu na inafungua wiki ya 53, ambayo inaendelea hadi Jumapili tarehe 3 Januari 2027. Wiki ya 1 ya 2027 inaanza kesho yake, tarehe 4.

Shambani hapo ndipo hasara inapoanzia. Chukua shamba la waridi linalolenga Sikukuu ya Wapendanao, tarehe 14 Februari. Maua yanatakiwa yawe yamevunwa, yamepozwa na kusafirishwa siku kadhaa kabla. Tuseme meneja mwaka 2026 alivuna kwa wingi wiki ya 6, yaani 2 hadi 8 Februari, na biashara ikaenda vizuri. Mwaka unaofuata anachukua mpango uleule na kuandika tena "wiki ya 6". Lakini wiki ya 6 ya 2027 ni 8 hadi 14 Februari. Waridi nyingi zitakatwa wakati maduka ya Ulaya tayari yanauza, na za mwisho zitatoka shambani siku ya sikukuu yenyewe. Alipaswa kuandika wiki ya 5, inayoanza tarehe 1.

Akiligundua hilo, bado kuna kuhesabu kurudi nyuma. Waridi hazingoji bahati. Mashina hukatwa kwa pamoja wiki kadhaa kabla, kutegemea aina na mwinuko wa shamba, ili machipukizi mapya yachanue kwa wakati mmoja. Tuseme aina hii inahitaji wiki nane. Kutoka wiki ya 5 ya 2027 anarudi 4, 3, 2, 1, halafu? Aliyezoea atasema 52, 51, 50, 49, na kuwatuma wafanyakazi kukata wiki ya 49, kuanzia 30 Novemba. Hesabu sahihi ni 53, 52, 51, 50, yaani kuanzia Jumatatu tarehe 7 Desemba. Siku saba hizo zinatosha maua yachanue kabla bei haijapanda. Njia salama ni kuhesabu kwa siku: 1 Februari ukitoa siku 56 unapata 7 Desemba, na kompyuta haikosei kutoa.

Inakosea kwingine, tena kimyakimya. Katika Excel na majedwali yanayofanana nayo kuna fomula mbili zinazoonekana ndugu:

```
=WEEKNUM(A1)
=ISOWEEKNUM(A1)
```

Ya kwanza, usipoiongezea kitu, inaanza wiki Jumapili na kuiita wiki ya 1 ile yenye Januari mosi, hata kama ina siku moja tu. Ya pili ndiyo inayofuata kiwango. Mwaka 2026 fomula hizi mbili zinatoa jibu moja kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, mwaka mzima, na zinatofautiana Jumapili tu. Anayetumia isiyo sahihi hataona dosari. Ikiingia 2027, tarehe 10 Februari itakuwa wiki ya 7 kwa WEEKNUM na wiki ya 6 kwa ISOWEEKNUM, na tofauti hiyo itadumu hadi Desemba. Kipimo chepesi ni kuandika 1 Januari 2027 kwenye kisanduku. Fomula sahihi itajibu 53.

Jibu hilo nalo lina mtego wake, na kwa maoni yangu ndio mbaya kuliko yote. Watu wengi huchukua namba ya wiki na kuiunganisha na mwaka wa tarehe. Tarehe 1 Januari 2027 inageuka kuwa "2027, wiki ya 53", na mwaka 2027 hauna wiki ya 53. Tarehe 29 Desemba 2025 inageuka kuwa "2025, wiki ya 1", na mauzo ya mwisho wa mwaka yanaruka hadi mwanzoni mwa ripoti ya mwaka uliokwisha kuanza miezi kumi na miwili nyuma. Mwaka wa kuandika ni ule wa Alhamisi ya wiki hiyo:

```
=YEAR(A1-WEEKDAY(A1,2)+4)
```

Na kama una mwaka kwenye A1 na namba ya wiki kwenye B1, fomula hii inakupa Jumatatu yake. Ni hesabu ileile ya 4 Januari tuliyoifanya kwa mkono:

```
=DATE(A1,1,4)-WEEKDAY(DATE(A1,1,4),2)+1+7*(B1-1)
```

Si kila namba ya wiki inafuata kiwango hiki. Tairi la gari lina tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT, na 3224 maana yake lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2024. Sheria ya Marekani iliyoweka alama hiyo inahesabu kutoka wiki kamili ya kwanza ya mwaka, Jumapili hadi Jumamosi. Kwa hesabu hiyo, wiki ya 32 ya 2024 inaanza 11 Agosti, wakati kwa kiwango cha kimataifa inaanza 5 Agosti. Ukinunua tairi kuukuu, siku sita hazina uzito. Unachotafuta pale ni mwaka.

Kwa mzigo unaooza, siku sita ni mzigo wote. Mnunuzi akikuandikia "wiki ya 32", mjibu kwa namba, mwaka na tarehe pamoja: "Wiki ya 32, 2026, kuanzia Jumatatu 3 Agosti. Ni sawa?" Kama anahesabu tofauti nawe, utalijua siku hiyohiyo, kabla mkasi haujashikwa.