Bei imevunja dari: ni kweli ama ni mtego?

Mesej ya aina hii huzunguka sana kwenye magrupu ya hisa: "Imevunja! Ingia sasa kabla haijakuacha." Ukisha kuisoma, pesa ziko kwa simu, na kununua ni dakika chache tu. Kabla hujatuma, hebu tuangalie vitu viwili ambavyo hazimwambii mtu: hisa ngapi zimebadilisha mikono, na bei inafanya nini ikirudi pale ilipotoka.

Tutatumia mfano wa kufundishia. Tuseme kuna hisa kwenye Soko la Hisa la Nairobi ambayo kwa miezi miwili imepanda hadi shilingi 20 mara tatu, na kila mara ikarudi karibu na 18. Hiyo 20 ndiyo dari. Pale wako watu wanaosubiri kuuza, wengine wakiwa walinunua bei ikiwa juu na wanataka tu kurudisha pesa yao. Kwa siku ya kawaida, hisa 400,000 huuzwa. Namba hii tumeipata kwa kujumlisha siku 20 zilizopita na kugawanya kwa 20.

Jumanne moja, bei inafika 20.60 mchana. Grupu linawaka moto. Lakini soko linapofungwa saa tisa, bei ni 19.90, na hisa zilizouzwa ni 310,000, chini ya kawaida. Huu ni mvunjo wa uongo. Wanunuzi wachache waliisukuma bei juu, wale wauzaji wa 20 wakawauzia, na nguvu ikaisha. Aliyenunua kwa 20.60 tayari ameshapata hasara.

Wiki mbili baadaye bei inafunga 20.80, na hisa 1,100,000 zimeuzwa, karibu mara tatu ya kawaida. Hapa picha ni tofauti. Kiasi kikubwa hivyo kinaonyesha kwamba wauzaji wa 20 wamepata wanunuzi wa kuwamaliza. Wengi hutaka angalau mara moja na nusu ya wastani, na bei iwe imefunga juu ya dari, si kuigusa tu mchana. Pia usilinganishe kiasi cha saa tano asubuhi na wastani wa siku nzima. Ngoja soko lifunge.

Hata hivyo, bado hatununui. Tunangoja bei irudi kuipima dari. Siku tatu zinazofuata inashuka pole pole: 20.60, 20.40, 20.10. Cha kuangalia ni kwamba kiasi nacho kinashuka, hadi hisa 250,000. Maana yake ni kwamba hakuna haraka ya kuuza. Siku ya nne inafunga 20.70 kwa hisa 600,000. Ile dari sasa imekuwa sakafu, na hapo ndipo pa kuingia.

Kama ingerudi kwa kishindo, tuseme ifunge 19.50 na hisa 900,000 zimeuzwa, tungejua wanaotoka ni wengi kuliko wanaoingia. Tungekaa kando.

Ukinunua hisa 500 kwa 20.70, umelipa shilingi 10,350. Amua kabisa kwamba ikifunga chini ya 19.60 unatoka. Ukifanikiwa kuuza kwa bei hiyo, umepoteza shilingi 1.10 kwa kila hisa, yaani 550, pamoja na ada za broka za kununua na za kuuza. Kama hasara hiyo itakuumiza, punguza idadi ya hisa.

Njia hii ina mipaka yake. Kuna hisa zinazovunja dari na hazirudi kabisa. Hizo zitakupita, na hiyo ndiyo bei ya kusubiri. Pia kiasi kinaweza kudanganya: mtu mmoja mkubwa akimuuzia mwingine hisa 700,000 kwa mpigo, siku hiyo itaonekana moto ilhali ni biashara moja. Ukiweza, muulize broka wako idadi ya biashara zilizofanyika, si jumla ya hisa peke yake. Na hisa ambayo huuzwa mia chache kwa siku, usiipime hivi. Mnunuzi mmoja tu anaweza kuzidisha kiasi mara tatu, na siku unayotaka kutoka unaweza kukosa wa kumuuzia hisa zako.

Mwisho, angalia tarehe za gawio. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, bei huwa inashuka kwa sababu mnunuzi mpya hatalipwa hilo gawio. Ikishuka chini ya dari siku hiyo, usiite mvunjo wa uongo kabla hujahesabu gawio lilikuwa shilingi ngapi.

Kwa hivyo mesej ikiingia tena, tafuta majibu matatu: imefunga wapi, hisa ngapi zimeuzwa ukilinganisha na kawaida, na je, imesharudi kupima? Kama aliyeituma hana majibu hayo, pesa yako ibaki kwa simu.