Hukumu Inapotolewa Bila Kesi Kusikilizwa

Watu wengi huamini kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa deni hawezi kuhukumiwa kabla ya kusimama mbele ya hakimu na kusikilizwa. Imani hiyo ni ya kweli kwa kiasi tu. Sheria humpa kila mdaiwa nafasi ya kusikilizwa, lakini haimlazimishi aitumie, wala haimfanyi mdai angoje bila kikomo. Katika mahakama za Kenya, Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za mwaka 2010 zinaruhusu shauri la deni kumalizika kwenye makaratasi, bila shahidi hata mmoja kuhojiwa. Njia zenyewe ni mbili. Ya kwanza hutokea mdaiwa anaponyamaza, nasi tutaiita hukumu ya kutojibu. Ya pili hutokea mdaiwa anapojitokeza lakini hana utetezi wa kweli, nayo tutaiita hukumu ya mkato.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke mwenye hoteli ndogo mjini Nakuru alinunua kwa mkopo majokofu saba kutoka kwa muuzaji wa vifaa, yote kwa shilingi 1,260,000. Alikwisha kulipa shilingi 420,000 kwa awamu, kwa njia ya simu. Jokofu moja la shilingi 180,000 halikugandisha tangu siku ya kwanza. Alilalamika kwa ujumbe wa simu, akaahidiwa fundi ambaye hakufika. Akaacha kulipa. Baada ya miezi kadhaa muuzaji alifungua shauri katika mahakama ya hakimu akidai shilingi 1,260,000 zote, kana kwamba hakuna senti iliyolipwa. Dai hilo linapita shilingi milioni moja. Lililo chini ya hapo lingeweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, yenye utaratibu wake.

Ukihesabu, utaona kwamba mwanamke huyu ana deni la kweli la shilingi 660,000, na ana jambo la kusema kuhusu shilingi 600,000 zilizobaki. Tofauti hiyo ndiyo iliyo hatarini katika yote yafuatayo.

Shauri huanza kwa hati ya madai na hati ya wito, ambayo wengi huiita samansi. Samansi hutaja siku ambazo mdaiwa anapewa kujitokeza. Kwa kawaida ni siku 15, na kanuni zinakataza ziwe pungufu ya 10. Kujitokeza hapa hakumaanishi kwenda kusimama kortini. Ni kuwasilisha katika masjala ya mahakama taarifa fupi ya maandishi inayosema kwamba mdaiwa ameupata wito, anakusudia kujitetea, na anuani yake ya kupokelea hati ni hii. Baada ya hapo ana siku 14 za kuwasilisha utetezi wenyewe. Tunasisitiza kwamba hizi ni hatua mbili, kwa sababu wako wanaotimiza ya kwanza wakadhani wamemaliza.

Samansi ya mwenye hoteli ililetwa nyumbani saa nne asubuhi, naye yuko kazini. Aliipokea mwanawe mwenye umri wa miaka 22, akaiweka juu ya kabati. Jioni mama aliisoma, akaona ni jambo la kuzungumza na muuzaji, akampigia simu. Muuzaji akamwambia, «Tutaongea.» Simu hiyo haikuzuia siku kuhesabiwa. Mazungumzo ya pembeni hayasimamishi shauri, isipokuwa pande zote mbili zimeandika makubaliano na kuyafikisha mahakamani.

Siku zilipokwisha, wakili wa muuzaji aliwasilisha vitu viwili: hati ya kiapo ya mpeleka samansi ikieleza siku, saa, mahali na mtu aliyepokea; na fomu ya kuomba hukumu. Chini ya Amri ya 10 ya kanuni hizo, dai linapokuwa la kiasi mahususi cha fedha, mahakama huandika hukumu kwa kiasi kilichodaiwa pamoja na riba na gharama. Hakuna anayeuliza kama jokofu liligandisha. Hakuna anayeona kumbukumbu za malipo ya simu, kwa kuwa hakuna aliyezileta. Hivyo deni la 660,000 likawa hukumu ya 1,260,000.

Mambo huwa tofauti dai lisipokuwa la kiasi kinachojulikana, kwa mfano fidia ya majeraha. Hapo mahakama huandika hukumu ya awali tu, kisha mdai hulazimika kuleta ushahidi wa kiasi anachostahili. Deni la bidhaa halina kinga hiyo.

Sasa tuseme mwanamke huyu aliwasilisha ile taarifa fupi ya kujitokeza, kisha akakaa kimya. Hapo hukumu ya kutojibu bado inawezekana, lakini mlango mwingine pia unafunguka: Amri ya 36, ambayo humruhusu mdai wa kiasi mahususi kuomba hukumu ya mkato dhidi ya mdaiwa aliyejitokeza lakini hajawasilisha utetezi. Amri hiyo hiyo humhusu pia mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji ambaye muda wake umekwisha au aliyepokonywa upangaji kwa kutolipa kodi. Mdai huambatanisha hati ya kiapo kuthibitisha deni, na mdaiwa hupewa taarifa ya ombi hilo. Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana. Katika hukumu ya kutojibu hakimu anatazama kimya cha mdaiwa. Katika hukumu ya mkato anatazama uzito wa maneno yake.

Mdaiwa anaweza kujibu kwa hati ya kiapo akionyesha kwamba anastahili kuruhusiwa kujitetea. Hatakiwi kuthibitisha kwamba atashinda. Anatakiwa kuonyesha walau suala moja la kweli linalohitaji kusikilizwa. Mwaka 1969 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba utaratibu huu uliwekwa ili mdai ambaye dai lake halina utetezi wa maana asicheleweshwe kwa hila. Basi jibu kama «biashara imekuwa ngumu, nitalipa mambo yakinyooka» linaamsha huruma, lakini kisheria ni kukiri deni. Jibu lisemalo «sidaiwi kitu», bila maelezo, halina nguvu zaidi. Jibu lenye uzito lingesema: nililipa 420,000 kwa tarehe hizi, na kumbukumbu za malipo ni hizi, jokofu moja la 180,000 lilikuwa bovu, na ujumbe niliomtumia muuzaji ni huu. Mahakama ikisoma hayo inaweza kutoa hukumu kwa shilingi 660,000 zisizobishaniwa na kuruhusu 600,000 zisikilizwe. Inaweza pia kuruhusu utetezi kwa sharti, kama vile kuweka dhamana, inapouona kuwa dhaifu.

Hukumu ya kutojibu ikishaandikwa, mambo hayajafungwa kabisa. Kwanza, Amri ya 22 inakataza mali kukamatwa au mtu kuhamishwa kabla mdaiwa hajapewa taarifa ya angalau siku 10 kwamba hukumu imeandikwa dhidi yake. Karatasi hiyo huonekana ya kawaida, na kwa maoni yetu ndiyo karatasi inayopuuzwa kwa hasara kubwa kuliko zote. Ukiipata, hesabu siku kuanzia siku hiyo. Dalali akija na taarifa hiyo haikutolewa, hilo ni jambo la kupeleka mahakamani mara moja.

Pili, mahakama ina uwezo wa kuitengua au kuibadilisha hukumu hiyo. Ombi hupelekwa pamoja na hati ya kiapo, na swali la kwanza ni jinsi samansi ilivyofikishwa. Kanuni zinataka mdaiwa akabidhiwe yeye mwenyewe. Akikosekana, mtu mzima wa familia anayeishi naye anaweza kupokea. Tangu mwaka 2020 kanuni zinatambua pia barua pepe na programu za ujumbe wa simu, kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp wenye samansi si wa kufutwa kwa kudhani ni utapeli. Uthibitishe kwa namba ya shauri katika masjala. Katika mfano wetu, mwana ni mtu mzima na anaishi hapo. Hata hivyo, mpeleka samansi alikwenda mara moja tu, saa za kazi, ilhali hoteli ya mama inajulikana. Je, kweli mama «alikosekana»? Mpeleka samansi anaweza kuitwa ahojiwe kuhusu kiapo chake.

Jibu la swali hilo hubadilisha kila kitu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilifafanua kwamba hukumu iliyotokana na samansi isiyofikishwa ipasavyo hutenguliwa kwa haki, bila mahakama kupima kama utetezi ni mzuri. Samansi ikiwa ilifika ipasavyo, mdaiwa anaomba hisani ya mahakama. Itatazama sababu ya kimya chake, muda uliopita tangu alipojua, hasara atakayopata mdai, na kama kuna utetezi wenye suala la kusikilizwa. Msimamo uliowekwa na Mahakama Kuu mwaka 1967 ungali unafuatwa: hisani hiyo ni ya kumwokoa aliyekosa kwa ajali, kusahau au kosa linalosameheka, si ya kumsaidia aliyekusudia kuchelewesha haki.

Kwa hiyo ombi la mwenye hoteli linahitaji vitu vitatu pamoja: hati ya kiapo inayosema ukweli kuhusu samansi na ile simu, rasimu ya utetezi yenye kumbukumbu za malipo na ujumbe kuhusu jokofu, na ombi la kusimamisha utekelezaji hadi shauri lisikilizwe. Rasimu ya utetezi ndiyo husahauliwa mara nyingi. Mtu huandika kurasa nyingi kueleza kwa nini hakujibu, bila kusema angejibu nini. Anayekiri sehemu ya deni pia hujisaidia: mwanamke huyu akisema wazi kwamba anadaiwa 660,000, hakimu ana njia rahisi ya kuibadilisha hukumu ibaki kwa kiasi hicho na kuacha mengine yasikilizwe. Aidha, anaweza kuamriwa kumlipa mdai gharama za usumbufu alioleta kwa kimya chake.

Hukumu ikisimama, si kila kitu cha nyumbani kinaweza kuchukuliwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake. Majokofu sita yanayogandisha hayamo katika orodha hiyo.

Sisi hatuwezi kumwakilisha mnunuzi mahakamani, wala barua ya malalamiko iliyoletwa kwetu haihesabiwi kuwa utetezi. Anayetuletea malalamiko huku ana samansi mkononi tunamwomba atuonyeshe kwanza tarehe aliyoipokea.