Sifuri ya Mwisho Isifutwe Katika Matokeo ya Vipimo vya Maji

Mwananchi wa Kigombe, wilayani Muheza, anayepeleka maji ya kisima kupimwa madini ya risasi anaweza kukuta kifaa cha maabara kimeandika, kwa mfano, 8.50E-03 miligramu kwa lita. E-03 inaelekeza nukta isogezwe nafasi tatu kushoto. Jibu ni 0.00850. Sifuri tatu za mwanzo zinashika nafasi tu, bali ile ya mwisho ni kipimo: kifaa kimetofautisha 8.50 na 8.49.

Hatari kubwa zaidi ni jedwali la kompyuta lililopangwa desimali mbili. Hilo huonesha 0.01, yaani kiwango cha juu kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ilhali maji hayo hayajakifikia. Ili kuhakiki, nukta irudishwe nafasi tatu kulia, isipopatikana 8.50, tarakimu zimepotea.