Baada ya "beaucoup", "de" peke yake

Katika duka la mikate mjini Paris, mteja huomba *du pain*, mkate bila kutaja kiasi. Akitaka mwingi, husema *beaucoup de pain*. Ndani ya *du* mna *de* na *le*; kiasi kikishatajwa, *le* huondoka. Vivyo hivyo *des chaises*, viti, huwa *assez de chaises*, viti vya kutosha. Mbele ya irabu *de* hukatwa: *trop d'eau*, maji mengi kupita kiasi.

Ndiyo maana *j'ai beaucoup des amis*, kosa la kawaida la wanaojifunza, humkwaza Mfaransa papo hapo. Sahihi ni *beaucoup d'amis*. Lakini *des* hurudi kundi linapokuwa mahususi: *beaucoup des amis de Paul*, wengi miongoni mwa marafiki wa Paul. *La plupart* nayo hudai *des*: *la plupart des élèves*, wanafunzi walio wengi.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye *peu*. *Il a peu d'argent* hulalamikia uhaba: pesa zake hazitoshi. *Il a un peu d'argent* husema anazo kidogo, pengine za nauli. Kwa vitu vya kuhesabika, *un peu de* haifai; vitabu vichache ni *quelques livres*.