Kumkumbusha Mkurugenzi Kabla ya Juni 30

Kila ifikapo Juni, barua pepe za kukumbushia idhini huongezeka katika halmashauri za Tanzania. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 ya mwezi huo, na fedha za Serikali Kuu ambazo hazijatumika huweza kurudishwa Hazina. Mkuu wa idara ambaye dokezo lake bado liko mezani kwa Mkurugenzi hujikuta njia panda: akinyamaza, fedha zitapotea; akiandika kwa ukali, ataonekana anamwamrisha mkubwa wake.

Tuseme afisa elimu aliwasilisha dokezo tarehe 12 Mei, akiomba idhini ya kununua madawati 120. Leo ni tarehe 2 Juni na jibu halijaja. Kwa hasira anaandika: “Hadi leo hujaidhinisha dokezo langu. Tafadhali fanya hivyo haraka.” Neno “tafadhali” halimwokoi. Sentensi ya kwanza inamshtaki Mkurugenzi, na ya pili inampa amri bila kumweleza haraka hiyo inatoka wapi.

Anafuta, anaandika upya: “Samahani sana kwa usumbufu. Nilikuwa naomba tu kukumbusha kuhusu lile dokezo, utakapopata nafasi.” Hapa adabu imezidi hadi ombi lenyewe limepotea. Mkurugenzi mwenye majalada mengi atachukulia kwamba hili linaweza kusubiri, na hatakuwa amekosea, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa.

Kinachokosekana katika rasimu zote mbili ni tarehe, na tarehe hiyo hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma. Fundi anahitaji siku 14 kutengeneza madawati na kuyafikisha. Kamati ya ukaguzi na mapokezi inahitaji siku mbili. Hati za malipo nazo zipitishwe kabla ya mwaka kufungwa. Idhini ikitoka tarehe 9 Juni na agizo likatolewa kesho yake, madawati yatafika tarehe 24, yatakaguliwa tarehe 25 na 26, na uhasibu utabaki na siku chache za kulipa. Baada ya tarehe 9, hesabu haikubali tena.

Sasa barua inaandikika. Kichwa chake kinabeba ombi zima: “Ombi la idhini ifikapo 9 Juni: ununuzi wa madawati 120.” Viongozi wengi husoma barua pepe kwenye simu, ambako huonekana kichwa na mstari wa kwanza tu. Mstari huo ukiliwa na “Kichwa cha habari hapo juu chahusika”, nafasi imepotea.

<em>Ndugu Mkurugenzi,

Naomba idhini yako kwa dokezo la tarehe 12 Mei kuhusu madawati 120, ifikapo tarehe 9 Juni. Utengenezaji, ukaguzi na malipo vinahitaji takriban wiki tatu, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Baada ya tarehe 9 hatutaweza kukamilisha malipo ndani ya mwaka huu.

Iwapo kuna marekebisho yanayohitajika, niko tayari kuyafanya siku hiyohiyo. Nimeambatisha dokezo kwa urahisi wa rejea.

Naomba kuwasilisha.</em>

Hakuna lawama humu, wala hakuna kujidhalilisha. Anayembana Mkurugenzi ni kalenda ya Serikali, wala si afisa aliye chini yake. Sentensi ya marekebisho nayo ina kazi kubwa: huenda dokezo limekwama kwa sababu makadirio ya bei hayakueleweka, na sasa Mkurugenzi ana njia nyepesi ya kulisema hilo.

Yapo mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuandika “nisipopata jibu nitaendelea na ununuzi.” Mkurugenzi ndiye Afisa Masuuli, ukimya wake hauhesabiwi kuwa idhini, na atakayenunua bila idhini hiyo atazua hoja ya ukaguzi. La pili ni kumpelekea nakala Katibu Tawala wa Mkoa katika kumbusho la kwanza. Hiyo husomeka kama mashtaka, na mazungumzo huhama kutoka kwenye madawati.

Ikifika tarehe 5 bila jibu, kumbusho la pili liwe fupi kuliko la kwanza, na sauti yake isipande: “Zimebaki siku nne kufikia tarehe 9. Kama uko safarini, naomba maelekezo iwapo Kaimu anaweza kulishughulikia.” Simu ya heshima kwa katibu muhtasi, kuuliza kama jalada limefika mezani, huenda sambamba na barua hiyo.

Tarehe 9 ikipita, ombi lenyewe hubadilika. Afisa haombi tena idhini ile ile. Anaomba uamuzi kati ya njia zilizobaki: kutafuta mzabuni mwenye madawati tayari ghalani, au kuyaingiza katika mpango wa mwaka unaoanza Julai 1. Barua zote mbili za awali huziambatisha kwenye jalada, ili mkaguzi atakapouliza kwa nini fedha hazikutumika, mtiririko wa tarehe uwepo.