Jozi Zisizoafikiana: Kupima Badiliko la Umilisi kwa Majibu ya Ndiyo na Hapana

Makala hii inahusu hali inayojitokeza mara kwa mara katika tafiti za ufundishaji wa Kiswahili. Wanafunzi walewale hupimwa mara mbili kwa swali lilelile, kabla na baada ya mafunzo, na kila jibu huandikwa kuwa sahihi au si sahihi. Mwalimu hupiga picha ya jedwali kwa simu na kumtumia mtafiti. Swali ni moja: je, pametokea badiliko?

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanafunzi 60 wa Uganda wanaozungumza Kiganda wanatakiwa kuchagua kati ya "kiboko amelala" na "kiboko kimelala". Kosa linatarajiwa, kwa kuwa katika Kiganda jina la mnyama hupatanishwa kwa ngeli yake lenyewe, ilhali Kiswahili sanifu huwapa wanyama upatanisho wa A-WA. Kabla ya mafunzo, wanafunzi 28 walipata. Baada yake, walipata 38.

Kishawishi cha kwanza ni kulinganisha 28 kwa 60 na 38 kwa 60 kwa jaribio la kawaida la kai-mraba. Jibu lake ni takriban 3.37, chini ya kiwango cha 3.84 kinachotumika kwa kosa la asilimia 5, na mtafiti angehitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kutosha. Hitimisho hilo halina msingi, kwani jaribio hilo huchukulia kwamba waliopimwa ni watu 120 tofauti.

Mwaka 1947 mwanasaikolojia Quinn McNemar wa Marekani alionyesha njia inayofaa. Kila mwanafunzi ni jozi moja ya majibu. Tuseme 24 walipata mara zote mbili, na 18 walikosa mara zote mbili. Hawa 42 hawatuambii lolote kuhusu mwelekeo wa badiliko, maana hawakubadilika. Wanaobaki ni 18: 14 walitoka kwenye kosa wakaingia kwenye usahihi, na 4 walirudi nyuma. Kama mafunzo hayakubadilisha kitu, kila mmoja wa hao 18 angeweza kuelekea upande wowote kwa uwezekano ulio sawa, kama sarafu inayorushwa. Hivyo twauliza: sarafu ikirushwa mara 18, ni mara ngapi tutapata mgawanyo wa 14 kwa 4, au uliopindukia zaidi, kwa upande wowote? Uwezekano huo ni takriban 0.031. Kwa kukadiria, twaweza kutumia fomula (b − c)² / (b + c), yaani 100 / 18, ambayo ni 5.56. Jozi zisizoafikiana zikiwa chache kama hizi, napendelea hesabu kamili ya sarafu, kwa sababu makadirio hulegea idadi inapokuwa ndogo.

Hapa ndipo picha inapoleta taabu. Mara nyingi kinachopigwa picha ni mstari wa jumla tu: 28 na 38. Jumla hizo zatuambia kwamba tofauti ya b na c ni 10, basi. Huenda b ni 10 na c ni 0, na fomula itatoa 10. Huenda b ni 32 na c ni 22, na fomula itatoa 1.85. Jumla ni zilezile, hitimisho ni kinyume. Hakuna ustadi wa hesabu utakaozirudisha jozi ambazo hazimo katika picha; ni lazima kuomba ukurasa wenye mstari wa kila mwanafunzi.

Hata ukurasa huo una hatari yake, nayo ni ya kificho zaidi. Picha iliyopigwa kwa kuinamisha simu huipinda mistari, na anayenakili safu ya "baada" aweza kuteleza mstari mmoja chini. Kuhakiki jumla hakutafichua kosa hilo: 28 na 38 zitabaki kama zilivyo au karibu sana. Kinachobadilika ni jozi. Majibu yakiunganishwa kiholela, tungetarajia jozi zisizoafikiana karibu 31 badala ya 18, kwani (28 × 22 + 32 × 38) / 60 ni 30.5. Mtafiti akiona idadi inayokaribia hiyo, yaani kana kwamba jibu la kwanza la mwanafunzi halina uhusiano wowote na la pili, arudi kwenye picha na kusoma mstari kwa mstari, akianza na namba ya mwanafunzi katika pande zote mbili za ukurasa.

Aidha, jozi zenyewe hazina budi kuwa huru. Mwanafunzi mmoja akijibu maswali matatu, majibu yake si jozi tatu za watu watatu. Kuyahesabu hivyo huongeza ushahidi usiokuwapo. Na hata 0.031 ikisimama, inathibitisha badiliko tu. Kama ni mafunzo yaliyolileta, au ni kule kuliona swali mara ya pili, kutajulikana kwa kulipima pia darasa ambalo halikufundishwa.