Obligasyo ya kulipa mara mbili kwa mwaka: faida yake ni ngapi?

Ndugu wamemba, katika mikutano yetu ya Bel-Air wengi wanauliza wapi kuweka makuta ya mboga na mahindi hadi wakati wa kununua mbegu. Leo tunaeleza njia moja: obligasyo, ni kusema hati ya kukopesha serikali.

Tunachukua mfano wa Kenya, sababu hesabu yake ni nyepesi. Mwaka 2017 serikali ya kule ilianza kuuza kwa simu obligasyo ya watu wadogo, jina lake M-Akiba. Kiasi cha chini kilikuwa shilingi 3,000, muda miaka 3, faida 10 kwa mia kwa mwaka. Faida hiyo, au kuponi, ililipwa kila miezi 6: shilingi 150, halafu tena 150. Mwishoni unarudishiwa 3,000 yako.

Sasa tuseme mwenye hati anahitaji makuta, anakuuzia kwa 2,850, imebaki miaka 2 kamili. Kuponi haibadiliki: ni 300 kwa mwaka. Gawanya 300 kwa bei uliyolipa, 2,850, zidisha kwa 100. Unapata 10.5 kwa mia. Ile njo faida ya sasa.

Lakini haijaisha. Mwishoni utapokea 3,000, yaani 150 zaidi ya ulizotoa. Kwa miaka 2, ni 75 kila mwaka. Jumlisha 300 na 75: ni 375. Gawanya kwa katikati ya 2,850 na 3,000, ni 2,925. Faida nzima inakuwa karibu 12.8 kwa mia.

Mtego uko upande wa pili. Ukinunua kwa 3,150, faida ya sasa ni 9.5 kwa mia, inaonekana nzuri bado. Lakini mwishoni unapoteza 150, ni 75 kwa mwaka. Inabaki 225, gawanya kwa 3,075: karibu 7.3 tu. Kwa hiyo usiulize kuponi peke yake. Uliza bei, na miaka iliyobaki.

Malipo mara mbili yanasaidia kama ile 150 ya kwanza inatumika mara moja. Ukiiweka tena kwa faida ileile, 10 kwa mia inakuwa 10.25. Ukiiacha ndani ya sanduku, inabaki 10.

Mbegu na mbolea zinanunuliwa mbele ya mvula ya mwezi wa 11, na mvula haingojee kuponi. Ukilazimishwa kuuza hati haraka, utauza kwa bei ya mnunuzi: aliyenunua kwa 3,000 akauza kwa 2,850 amepoteza kuponi moja nzima. Kwa hiyo makuta ya mbegu yasiingie humo. Weka yale tu ambayo koperative haitayagusa hadi muda uishe.

Tena, kama bei ya mfuko wa mbolea inapanda 15 kwa mia kwa mwaka, faida ya 12.8 haikufikishe: mwishoni utanunua mifuko michache kuliko leo.